Kumbukumbu ya mradi wangu: mgawanyo wa kipeuo cha pili mahali ambapo mti wa vipande unakwama

Mradi wangu ni programu ndogo ya C++ inayotunza akiba za wanachama 100,000 wa chama cha akiba na mikopo cha kubuni, wakiwa wamepangwa kwa namba zao za uanachama kuanzia 0. Programu inapokea maagizo ya aina mbili tu. La kwanza linasema: ongeza kiasi x kwenye akiba ya kila mwanachama kuanzia namba l hadi namba r. La pili linauliza: kati ya wanachama wa namba l hadi r, ni wangapi wana akiba isiyopungua c? Maagizo huja yakiwa yamechanganyika, kwa hiyo swali lolote linaweza kufuatiwa na nyongeza na nyongeza ikafuatiwa na swali. Sehemu hii ya kumbukumbu inaeleza kwa nini niliacha mti wa vipande, yaani muundo unaoigawa safu nusu kwa nusu na kuhifadhi muhtasari wa kila kipande kwenye nodi yake, ambao ndio nilioutumia kwenye toleo la kwanza, na jinsi muundo uliochukua nafasi yake unavyofanya kazi.

Toleo la kwanza halikuuliza idadi, liliuliza jumla ya akiba. Kwa swali hilo mti wa vipande unafaa kabisa, kwa sababu jumla ya nodi ni jumla ya watoto wake wawili, na nyongeza ya x kwenye nodi yenye wanachama k inabadilisha jumla yake kwa x mara k bila kuhitaji kumgusa mwanachama yeyote. Mti wa wanachama 100,000 una ngazi 17 hivi chini ya mzizi, na kila agizo linapitia nodi makumi machache. Hata mti hauhitajiki sana hapo, kwani miti miwili ya Fenwick, muundo mwepesi wa kutunza jumla za kuanzia mwanzo wa safu, inafanya kazi hiyohiyo kwa msimbo mfupi zaidi.

Ugumu ulianza nilipobadilisha swali. Idadi ya wenye akiba isiyopungua c haiwezi kuhifadhiwa kwenye nodi kama namba moja, kwa kuwa c hubadilika kila mara. Nodi inalazimika kuwa na orodha nzima ya akiba za wanachama wake, iliyopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ili tuweze kutafuta c ndani yake kwa kugawa nusu kwa nusu. Kama hakungekuwa na nyongeza, mti wa namna hiyo ungekuwa mzuri sana. Nyongeza ndiyo inayouvuruga. Nodi iliyofunikwa yote na agizo haipati shida, maana kila kilichomo kimepanda kwa kiasi kilekile na mpangilio wake haujabadilika. Lakini nodi iliyofunikwa nusu ina wanachama waliopanda na wasiopanda, na orodha yake lazima iunganishwe upya. Tukiongeza akiba ya wanachama wa namba 10 hadi 60,000, mzizi wenyewe umefunikwa nusu, na orodha ya mzizi ina wanachama wote 100,000. Agizo moja linatugharimu urefu wa safu nzima, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tunalikimbia.

Niliona kwamba kosa halimo kwenye wazo la kuhifadhi orodha zilizopangwa, limo kwenye urefu wa ukoo wa nodi. Mti unadai kwamba kila mabadiliko ya chini yapandishwe hadi juu kwa wazazi wote. Swali langu halihitaji wazazi hao, kwa sababu majibu ya sehemu mbili hujumlishwa tu, na hakuna haja ya kuunganisha orodha zao ili kuyapata. Tukiondoa ngazi zote na kubakiza moja, nodi zilizofunikwa nusu haziwezi kuzidi mbili, yaani zile za mwanzo na mwisho wa masafa ya l hadi r.

Huo ndio mgawanyo wa kipeuo cha pili. Safu ya wanachama n inagawanywa katika bloku zenye wanachama B kila moja, na B huchaguliwa karibu na kipeuo cha pili cha n ili idadi ya bloku na ukubwa wa bloku visipishane sana. Kwangu nimeanza na B = 320, na hivyo nina bloku 313, ya mwisho ikiwa fupi. Natunza safu tatu: `a` ina akiba kwa mpangilio wa namba za wanachama, `p` ina akiba hizohizo zikiwa zimepangwa kwa ukubwa ndani ya kila bloku, na `nyongeza` ina namba moja kwa kila bloku, ambayo ni kiasi walichoongezewa wanachama wote wa bloku hiyo bila kuandikwa kwenye `a` wala `p`. Akiba halisi ya mwanachama i wa bloku b ni `a[i] + nyongeza[b]`, na sharti hilo ndilo ninalolilinda katika kila mstari.

```cpp
void ongeza(int l, int r, long long x) {
    int bl = l / B, br = r / B;
    if (bl == br) {
        for (int i = l; i <= r; i++) a[i] += x;
        panga(bl);
        return;
    }
    for (int i = l; i < (bl + 1) * B; i++) a[i] += x;
    for (int i = br * B; i <= r; i++) a[i] += x;
    panga(bl);
    panga(br);
    for (int b = bl + 1; b < br; b++) nyongeza[b] += x;
}
```

`panga(b)` inanakili bloku b kutoka `a` kwenda `p` na kuipanga upya kwa `sort`. Bloku mbili za pembeni zinashughulikiwa mwanachama mmoja mmoja hata pale ambapo zimefunikwa zote. Ningeweza kuongeza masharti ya kuzitambua, lakini yangerefusha msimbo bila kupunguza gharama ya hali mbaya kabisa. Swali lina umbo lilelile. Pembeni tunalinganisha `a[i] + nyongeza[b]` na c, na katikati tunafanya hivi:

```cpp
for (int b = bl + 1; b < br; b++) {
    auto s = p.begin() + b * B, e = s + B;
    jibu += e - lower_bound(s, e, c - nyongeza[b]);
}
```

Bloku ya mwisho ya safu, iliyo fupi, kamwe haiwi katikati, kwa hiyo `s + B` haivuki mpaka wa safu.

Nilifuatilia mfano mdogo kwa kalamu kabla ya kuendelea, nao unaonyesha utaratibu wote. Wanachama ni tisa, B ni 3, na akiba ni 4, 7, 1, kisha 9, 2, 6, kisha 5, 3, 8. Agizo linasema ongeza 3 kwa namba 1 hadi 6. Katika bloku ya kwanza namba 1 na 2 zinapanda, `a` inakuwa 4, 10, 4 na `p` inakuwa 4, 4, 10. Bloku ya kati haiguswi, ila `nyongeza` yake inakuwa 3, na `p` yake inabaki 2, 6, 9. Katika bloku ya mwisho namba 6 inapanda kutoka 5 hadi 8, na `p` inakuwa 3, 8, 8. Sasa tunauliza wangapi kati ya namba 2 hadi 8 wana akiba isiyopungua 8. Namba 2 ina 4, haihesabiwi. Katika bloku ya kati tunatafuta 8 − 3, yaani 5, ndani ya 2, 6, 9, na tunapata wawili. Bloku ya mwisho inakaguliwa mmoja mmoja na kutoa wawili wengine. Jibu ni 4, na ukiandika akiba halisi zote, yaani 4, 10, 4, 12, 5, 9, 8, 3, 8, utaona kwamba ni sahihi.

Kuhusu ukubwa wa B, kipeuo cha pili ni mahali pa kuanzia tu. Kwa B = 320, swali zito linakagua wanachama wasiozidi 640 pembeni na kufanya utafutaji 311 katikati, kila mmoja wa hatua nane au tisa, jumla ikiwa kama hatua 3,300. Nyongeza nzito inapanga bloku mbili, nayo inafika kwenye hatua 5,000 na zaidi kidogo. Nikiikuza B hadi 700, swali linapungua hadi kama hatua 2,800, ila kupanga bloku mbili kunapanda na kupita hatua 13,000. Mwenye maswali mengi na nyongeza chache atachagua bloku kubwa, na mwenye nyongeza nyingi atachagua ndogo. Anayejua uwiano wa maagizo yake asikubali kipeuo cha pili bila kupima.

Msimbo huu una sehemu nne zinazoharibika kwa urahisi: kusahau kwamba l na r zinaweza kuwa katika bloku moja, kusahau `nyongeza` wakati wa kukagua pembeni, kusahau kupanga upya, na kuandika `c + nyongeza[b]` badala ya kutoa. Kwa kawaida hakuna hata moja kati ya hizo inayosimamisha programu. Zote hutoa majibu yanayokaribia ukweli, na hiyo ndiyo hatari yake. Njia ninayoitegemea ni kulinganisha na toleo la mabavu linalopitia kila mwanachama, kwa safu za nasibu za watu kumi hivi, na kubadilisha B makusudi. B ikilingana na n, kila agizo linaangukia bloku moja na njia ya katikati haitumiki kamwe. B ikiwa 1, karibu kazi yote inafanywa na njia ya katikati. Kosa likitoweka B inapolingana na n na kurudi B inapokuwa 1, natafuta kwenye njia ya katikati au kwenye makutano yake na pembeni, na mara nyingi ni ishara ya kutoa iliyokosewa. Aidha, `nyongeza` hujikusanya katika maagizo yote, hivyo namba kamili za biti 32 zinaweza kufurika hata kama kila x ni ndogo. Ndiyo maana safu zote tatu ni za `long long`.

Kwa uamuzi wa lini nitumie muundo upi, sasa najiuliza jambo moja kabla ya kuandika chochote: je, muhtasari wa nodi iliyofunikwa nusu unaweza kupatikana haraka kutoka kwa mihtasari ya watoto wake? Kwa jumla ya akiba, kwa kubwa kuliko zote na kwa ndogo kuliko zote, jibu ni ndiyo, na safu ikifika mamilioni ya wanachama sioni sababu ya kuacha mti. Kwa kuhesabu wanaovuka kiwango kinachobadilika, huku nyongeza za masafa zikiendelea kuingia, jibu ni hapana, na bloku zinashinda kwa urahisi wa kuandika na kwa kasi pia. Kwa thamani chache zisizobadilika, mfano alama za 0 hadi 100 zisizoongezwa, hata bloku zilizopangwa hazihitajiki, kwani jedwali la hesabu limbikizi kwa kila alama, kuanzia mwanachama wa kwanza, linatosha.

Hatua inayofuata ni kuondoa `sort`. Ndani ya bloku ya pembeni, walioongezwa wote wamepata x ileile, kwa hiyo mpangilio wao wenyewe kwa wenyewe haukubadilika, na wasioguswa vilevile. Nikihifadhi namba ya mwanachama pamoja na akiba yake katika `p`, naweza kutenganisha makundi hayo mawili kwa mpito mmoja na kuyaunganisha kwa mpito wa pili, na gharama ya nyongeza itakuwa ya kiwango cha B badala ya B mara logi ya B. Hapo B ya 700 itakuwa na maana, na nitapima upya thamani zote mbili kwa maagizo yaleyale.