Fandingi ya saa moja jioni: ninavyopiga hesabu kabla ya kushika fyucha ya kudumu

Fandingi ni malipo ambayo wateja wa fyucha ya kudumu hulipana wao kwa wao. Kwa saa za Dodoma, fandingi ya BTCUSDT, yaani fyucha ya bitcoin inayohesabiwa kwa USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwenye masoko mengi makubwa ya kripto inalipwa saa tisa usiku, saa tano asubuhi na saa moja jioni. Skrini inaandika 00:00, 08:00 na 16:00 UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ukiwa na nafasi iliyo wazi, yaani umenunua au umeuza fyucha na hujaifunga, muda huo ukifika, unahesabiwa kwa kipindi kizima, hata kama umeifungua dakika kumi zilizopita. Ukiifunga kabla, hulipi wala hulipwi. Mimi huacha muda wa dakika kadhaa pande zote mbili, kwa sababu mfumo unaweza kuchelewa kidogo kukata, na aliyefunga sekunde chache kabla akakuta bado amehesabiwa.

Malipo haya yapo kwa sababu moja. Fyucha ya kawaida ina tarehe ya mwisho. Mkulima wa Kongwa akikubaliana leo na mnunuzi kuhusu mahindi ya mwezi wa saba, bei ya makubaliano hayo inaweza kupanda na kushuka inavyotaka, lakini siku ya kupima magunia Kibaigwa ikifika, ahadi na soko vinakutana. Fyucha ya kudumu, ambayo BitMEX iliianzisha kwa bitcoin mwaka 2016, haina siku ya kupima magunia. Unaweza kuishika mwaka mzima mradi dhamana yako inatosha. Bila kitu cha kuivuta, bei yake ingeweza kwenda kivyake kabisa na kuiacha bei ya papo hapo, yaani bei ya bitcoin yenyewe sokoni.

Kinachoivuta ni pesa inayotoka kwa wateja wa upande mmoja kwenda kwa wa upande mwingine. Fyucha ikiwa ghali kuliko bei ya papo hapo, walioshika `Long`, yaani walionunua fyucha, wanawalipa walioshika `Short`, yaani walioiuza. Ikiwa rahisi, `Short` ndio wanalipa. Fandingi yenyewe haiingii mfukoni mwa soko. Soko linakula ada ya kununua na kuuza. Ndiyo maana kijana akiniuliza, "Kaka, mbona nimekatwa na sijagusa kitu?", namwambia afungue historia ya miamala atafute mstari wa `Funding Fee`, kisha aangalie saa.

Kanuni inayotumiwa na masoko mengi ni hii:

```
F = P + clamp(I - P, -0.05%, 0.05%)
```

`P` ni wastani wa tofauti kati ya fyucha na bei ya papo hapo katika kipindi chote. Haichukuliwi kutoka kwenye trade ya mwisho, maana trade moja ndogo ingeweza kuipotosha. Mfumo unaangalia bei ambayo oda yenye ukubwa fulani ingeipata kwenye daftari la oda. `I` ni riba ya kudumu, kwa kawaida 0.01% kwa saa nane. `clamp` inazuia sehemu ile ya pili isivuke 0.05% juu au chini.

Ukiicheza kidogo kanuni hiyo utagundua jambo ambalo wengi hawalijui: `P` ikiwa popote kati ya -0.04% na 0.06%, jibu ni 0.01% ileile. Kwa hiyo ukiona 0.0100% siku nzima, usidhani soko limelala. Maana yake tofauti ya bei ipo ndani ya ukanda huo. Ikitoka nje ya ukanda ndipo namba inaanza kusema kitu.

Sasa tuchukue siku yenye joto. Bei ya papo hapo ni 60,000 na fyucha iko 60,090. Tofauti ni 0.15%. Tuseme imekaa hivyo kipindi kizima. `I - P` ni -0.14%, inabanwa hadi -0.05%, hivyo fandingi ni 0.10%. Aliyeshika `Long` ya 0.02 BTC ana nafasi ya karibu USDT 1,200, naye atalipa USDT 1.20. Inaonekana kama hela ya maji. Lakini kama amefungua kwa mara 10, dhamana yake ni USDT 120 tu, na hapo amekatwa asilimia 1 ya dhamana kwa saa nane. Hali ikibaki hivyo mchana kutwa na usiku, ni asilimia 3. Fandingi inapigwa kwenye ukubwa wa nafasi, haijali dhamana uliyoweka. Baadhi ya hao watafunga, na kufunga `Long` ni kuuza fyucha. Hiyo ni nguvu ya kwanza ya kuishusha.

Nguvu ya pili ni watu wa aina yangu. Nanunua BTC ya papo hapo na wakati huohuo nauza fyucha ya kiasi kilekile. Bitcoin ikipanda dola 3,000, ile 0.02 niliyonunua inapata 60 na `Short` inapoteza 60. Sihitaji kujua bei inaelekea wapi. Ninachotaka ni fandingi, na katika kuifuata nimeuza kilicho ghali na kununua kilicho rahisi, yaani nimelifanyia soko kazi ya kuziba pengo bila kutumwa na mtu.

Hesabu ya kuingia naiandika kwenye daftari kabla ya kubonyeza chochote. Chukua ada za kawaida: 0.10% kwa papo hapo na 0.05% kwa fyucha, ukinunua bei iliyopo bila kusubiri. Kuingia na kutoka ni trade nne, jumla 0.30%, yaani USDT 3.60 kwa nafasi ya 1,200. Nikiuza fyucha 60,090 na pengo likaja kufungika kabisa, nimepata 90 × 0.02, yaani 1.80. Fandingi ya kwanza ni 1.20. Jumla 3.00, bado sijarudisha ada. Nahitaji kipindi cha pili, na cha pili mara nyingi ni kidogo kuliko cha kwanza kwa sababu pengo limeshaanza kuzibwa. Hapa ndipo utaona kwa nini bei ya fyucha iko karibu na ya papo hapo lakini haiwi ileile: pengo dogo kuliko ada halimlipi mtu kulifuata. Kwa fandingi ya 0.01%, ada hizo zinahitaji vipindi 30 kurudi, ambavyo ni siku kumi.

Na hiyo ni kwa mtu ambaye USDT zake zipo tayari kwenye akaunti. Anayetoka na shilingi ana ukuta mwingine. Tuseme unanunua USDT kwa mtu kupitia pesa ya simu kwa shilingi 2,600 na siku ya kutoka unauza 2,550. Umeacha karibu asilimia 1.9 njiani, na kwa fandingi ya 0.01% hiyo ni zaidi ya miezi miwili ya kusubiri. Weka pia makato ya mtandao wa simu, na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2024. Kwa maoni yangu, kubadilisha shilingi kwa ajili ya kukusanya fandingi peke yake hakulipi.

Jambo dogo linalosumbua wanaoanza: ukinunua 0.02 BTC, ada ya 0.10% hukatwa kwenye BTC yenyewe, unabaki na 0.01998, huku umeuza fyucha 0.02. Pande hazilingani. Nunua 0.02003 na utabaki na 0.02 na chenji kidogo.

Tatizo kubwa liko upande wa `Short`. BTC yako ikiwa kwenye akaunti ya papo hapo na dhamana kwenye akaunti ya fyucha, faida ya huku haiokoi hasara ya kule. Ukifungua kwa mara 10, bei ikipanda karibu asilimia 9.5 unafilisiwa, yaani soko linaifunga nafasi yako kwa nguvu na dhamana inaondoka, hata kama kwa jumla hujapoteza. Mimi hufungua kwa mara 2: USDT 1,200 za kununua, 600 za dhamana. Hapo bei inabidi ipande karibu asilimia 49 kabla ya kunigusa, na kabla haijafika huko nauza sehemu ya BTC na kufunga `Short` ya kiasi hichohicho. Ninayoitazama ni `Mark Price`, ambayo msingi wake ni bei ya papo hapo, kwa kuwa ndiyo inayotumika kufilisi watu, siyo bei ya trade ya mwisho.

Kuna kufungiwa kwa namna nyingine, kunakoitwa `ADL`. Soko likianguka kwa kasi na mfuko wa bima ukashindwa kufidia waliofilisika, mfumo unafunga kwa nguvu nafasi za walio kwenye faida. Tarehe 10 Oktoba 2025 iliwakuta watu wengi wenye `Short`: walibaki na upande wa kununua peke yake, bila kinga, katikati ya mporomoko. Ukipata ujumbe huo, kwanza amua kuhusu BTC uliyobaki nayo, malalamiko baadaye.

Usiamini pia kwamba fandingi inavuta papo kwa papo. Septemba 2022, kabla ya Ethereum kuhama mfumo wake tarehe 15, watu walishika ETH, sarafu ya Ethereum, ya papo hapo ili wapate sarafu mpya iliyotarajiwa kutolewa kwa wenye ETH kama mtandao ungegawanyika, wakauza fyucha kujikinga. Fandingi ya ETH ikawa hasi sana, `Short` wakalipa, na hawakufunga, kwa sababu walichotarajia kupata kilizidi walichokuwa wanalipa. Fyucha ilibaki chini ya bei ya papo hapo hadi sababu ile ilipokwisha. Kwa hiyo nikiona fandingi ya ajabu naanza kutafuta nani ana sababu ya kuivumilia.

Namba inayoonyeshwa kabla ya muda ni makadirio yanayoendelea kubadilika, na kwenye masoko kadhaa dakika za mwisho zina uzito mkubwa zaidi katika wastani. Nimeona 0.06% ya alasiri ikiwa 0.02% saa moja jioni. Angalia vilevile urefu wa kipindi: soko la Hyperliquid linalipa kila saa moja, na sarafu nyingine ni kila saa nne, hivyo 0.02% ya saa moja ni 0.16% kwa saa nane.

Kutoka, nafunga pande zote mbili kwa pamoja, nikianza na ile yenye daftari jembamba la oda, kwa kawaida ya papo hapo, kwa vipande vidogo ikiwa sarafu si BTC wala ETH. Fandingi ikiwa hasi kipindi kimoja navumilia. Ikiwa hasi viwili mfululizo na sioni sababu ya kugeuka, nafunga kabla ya cha tatu, ilimradi kuendelea kulipa kunanigharimu zaidi ya zile trade nne za kufunga na kuingia tena.