Kukadiria mauzo ya saruji ya mwaka ujao Moshi kwa kumbukumbu za miezi 36

Nimekuwa nikiandaa makadirio ya mauzo kwa maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Moshi, na bidhaa ninayoanza nayo siku zote ni saruji. Msimu wake unaonekana wazi kuliko wa bidhaa nyingine yoyote dukani. Januari watu wanalipa ada za shule. Masika, Machi hadi Mei, udongo ni tope na magari ya mzigo hayapandi Kibosho wala Machame kirahisi. Kuanzia Julai ardhi inakauka, fedha za kahawa zinaanza kuingia, na wenyeji walioko Dar na kwingineko wanatuma hela ili nyumba iwe tayari kabla hawajapanda nyumbani kwa Krismasi. Ndiyo maana kilele cha saruji ni Novemba: Disemba wageni wanapofika, kazi ya fundi inatakiwa iwe imeisha.

Mifano yote hapa chini ni ya duka moja, na hesabu iko kwa mifuko. Situmii shilingi. Bei ya mfuko ikipanda, mauzo ya shilingi yanapanda hata kama umeuza mifuko ileile, na mstari wa mwelekeo utakuonyesha ukuaji ambao haupo. Bei naiweka mwisho kabisa, baada ya kupata mifuko.

Kabla ya fomula yoyote napitia miezi 36 nikitafuta miezi iliyoharibika. Septemba ya mwaka wa pili duka liliuza mifuko 714 tu, chini sana ya kawaida ya Septemba. Daftari la stoo likaonyesha kwamba kati ya siku 25 za kazi, siku 8 saruji haikuwepo kabisa. Mifuko 714 kwa siku 17 ni mifuko 42 kwa siku, kwa hiyo mahitaji ya mwezi mzima yalikuwa kama 1,050, na ndiyo namba niliyoandika. Ila angalia kwanza mwezi unaofuata. Oktoba ikiwa imeruka kuliko kawaida, maana yake baadhi ya wateja walisubiri mzigo, na ukijaza pengo la Septemba bila kupunguza Oktoba umewahesabu mara mbili. Vivyo hivyo oda kubwa ya mara moja, kwa mfano mkandarasi aliyechukua mifuko 600 ya mradi, naitoa na kuiandika pembeni.

Sasa kwenye Excel: safu A ni mwezi, B ni namba 1 hadi 36, C ni mifuko, Januari ya kwanza ikiwa mstari wa 2. Safu D ni wastani unaosogea wa miezi 12, uliowekwa katikati. Unaanzia Julai ya mwaka wa kwanza, seli D8:

```
=(C2/2+SUM(C3:C13)+C14/2)/12
```

Miezi ya pembeni inachukuliwa nusu kwa sababu 12 ni namba shufwa: ukijumlisha miezi 12 mizima, wastani wake unaangukia kati ya miezi miwili, hauna mwezi wa kukaa. Chukua Novemba ya mwaka wa kwanza. Nusu ya Mei (600) ni 300, nusu ya Mei inayofuata (650) ni 325, na miezi 11 ya katikati, Juni hadi Aprili, jumla yake ni 9,740. Zote ni 10,365; gawa kwa 12 unapata 864. Novemba yenyewe iliuza 1,130, kwa hiyo uwiano wake ni 1,130 ÷ 864, yaani 1.31. Novemba ya mwaka wa pili ilitoa 1.29. Wastani ni 1.30, na hiyo ndiyo fahirisi ya msimu ya Novemba.

Fanya hivyo kwa kila mwezi, kisha jumlisha fahirisi zote 12. Lazima zifike 12.00. Zangu zilifika 12.06, nikagawa kila moja kwa 1.005, na Novemba ikawa 1.29. Ukiiacha hatua hii, namba utakazopata baada ya kuondoa msimu, pamoja na mstari wa mwelekeo, zinashuka kwa nusu asilimia bila sababu.

Watu wengi hawatambui kwamba miezi 36 haikupi uwiano tatu kwa kila mwezi. Miezi sita ya mwanzo na sita ya mwisho inakosa wastani unaosogea, zinabaki 24, yaani mbili mbili. Namba mbili zikikaribiana kama za Novemba, niko salama. Machi kwenye duka hili ilitoa 0.98 mwaka mmoja na 0.82 mwaka uliofuata. Aprili ikatoa 0.62 na 0.78. Mwaka ule mvua zilichelewa, watu wakajenga Machi yote. Mwaka uliofuata ziliwahi. Wastani wa 0.90 na 0.70 hauelezi mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Lakini jumlisha Machi na Aprili: 1.60 na 1.60. Kwa hiyo miezi hiyo naikadiria kama fungu moja, na namwambia mwenye duka aagize kwa awamu ndogo akiangalia mawingu. Saruji iliyorundikwa stoo wakati wa masika inanyonya unyevu na kuganda mabonge.

Hatua inayofuata ni kuondoa msimu: kila mwezi gawa mifuko kwa fahirisi yake. Novemba ile ya 1,130 inakuwa 876. Januari iliyoifuata iliuza 700, na mwenye duka alikuwa na hakika biashara imeporomoka. Gawa kwa 0.80, unapata 875. Hakuna kilichoporomoka.

Mstari wa mwelekeo unachorwa kwenye namba hizi zilizosafishwa, safu G:

```
=SLOPE(G2:G37,B2:B37)
=INTERCEPT(G2:G37,B2:B37)
```

Nilipata 6 na 800: duka linaongeza mifuko 6 kila mwezi, kuanzia 800. Ukichora mstari kwenye mauzo ghafi ya safu C, mteremko unatoka zaidi ya 10. Kila mwaka unaanza na miezi dhaifu na kuishia na yenye nguvu, na mstari unaudhani mpando huo wa msimu ni ukuaji wa biashara. Kosa hilo peke yake lingeongeza mifuko kama 1,300 kwenye makadirio ya mwaka ujao. Nimeliona mara nyingi kuliko makosa mengine yote.

Mwaka ujao ni mwezi wa 37 hadi 48. Novemba ni wa 47: 800 + 6 × 47 = 1,082, mara 1.29, mifuko 1,396. Januari ni 1,022 × 0.80, mifuko 818. Machi na Aprili pamoja ni 1,659. Mwaka mzima unakaribia mifuko 12,700.

Mwaka ukianza, kila mwezi nagawa mauzo halisi kwa fahirisi yake na kuyalinganisha na mstari. Mwezi mmoja kuwa chini si neno. Ikifika miezi mitatu mfululizo upande mmoja, tena kwa zaidi ya asilimia 8 hivi, naacha fahirisi kama zilivyo na kurekebisha mstari. Mara nyingi duka jipya limefunguliwa barabara hiyohiyo, na hilo halibadilishi mvua wala Krismasi. Fahirisi zenyewe nazikokotoa upya Disemba, wakati kila mwezi unapopata uwiano wake wa tatu.