Cheti cha jina la biashara nilikuwa nacho ukutani, na lebo yangu ikaigwa vilevile

Mimi natengeneza pilipili ya chupa na achari ya ndimu hapa Tanga, nilianzia jikoni kwangu na sasa nina wadada watatu wananisaidia. Chupa zangu zina jina la ndege, jina halisi naliacha ila hapa tuliite Tetere. Nilipoanza kupata oda za madukani nikafanya kama kila mtu anavyoshauriwa, nikaingia ors.brela.go.tz, mfumo wa BRELA ambao ni wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na namba yangu ya NIDA nikasajili jina la biashara, Tetere Viungo. Cheti kilivyotoka nikakiprinti nikakitia fremu kabisa nikajua hapa basi, jina langu hamna wa kuligusa.

Miaka miwili baadaye mteja wangu wa Dar akanitumia picha Watsap, ananiuliza dada mbona siku hizi Tetere mmeipunguza ukali. Naangalia picha, chupa ni ileile tunayonunua wote, kifuniko chekundu, neno Tetere kubwa juu na ndege pembeni anaangalia kulia, wangu anaangalia kushoto. Hiyo ndiyo tofauti yote! Nikageuza picha nikasoma maandishi madogo ya chini, mtengenezaji mwingine kabisa, namba ya simu nyingine.

Nikampigia. Nikamwambia kaka hilo jina ni langu nina cheti. Hakunitukana wala nini, alinijibu kwa upole kabisa ndo maana iliniuma zaidi, akasema "Mama, na mimi nina cheti, biashara yangu inaitwa jina jingine wala sijasajili Tetere popote, Tetere nimeandika tu kwenye chupa." Nikakata simu nikijua ananidanganya. Kumbe kwa upande wa cheti alikuwa sahihi.

Nikaenda kwa wakili mmoja mjini hapa, akakiangalia cheti changu akakirudisha mezani. Alivyonieleza ni hivi. Jina la biashara linasajiliwa ili serikali na watu wajue nani yuko nyuma ya jina fulani, maana usipofanya biashara kwa jina lako mwenyewe la kuzaliwa lazima ijulikane anayedaiwa ni nani. Msajili atamkatalia mwingine anayekuja kusajili jina lilelile kama jina la biashara, basi, inaishia hapo. Haikupi umiliki wa neno likiwa limeandikwa kwenye bidhaa. Yule kaka hakusajili jina langu, alilibandika kwenye chupa, na kinacholinda kilichobandikwa kwenye chupa ni alama ya biashara, sheria yake ni nyingine kabisa ya mwaka 1986 ingawa ofisi ni ileile BRELA. Hapo ndo tunapochanganyikiwa wengi, mlango mmoja, mfumo mmoja, vyeti viwili tofauti. (Na msije mkaniambia habari za TIN, leseni au nembo ya TBS, nilishaulizwa sana hilo, hizo hazihusiani kabisa na nani mwenye jina.)

Nikauliza sasa siwezi kumshtaki hivihivi? Akasema unaweza, kuna kesi ya mtu kuuza mali yake kama vile ni ya kwako, lakini hapo mzigo wote ni wako, uthibitishe kwamba wateja wanalijua jina kuwa ni lako na kwamba wamedanganyika. Kwa biashara ya chupa mia mbili kwa wiki utamaliza faida ya mwaka kwa kutafuta mashahidi. Ukiwa na alama iliyosajiliwa unaonyesha cheti na chupa yake, maongezi yanakuwa mafupi.

Basi nikaanza. Kwanza msako, kuangalia kama kuna mtu ameshasajili neno hilo au linalofanana nalo kwa matamshi, maana hata Tetele ingeweza kunikwamisha. Hakukuwa na kitu, na nilishukuru sana maana yule kaka angekuwa ameniwahi kuomba mimi ndo ningekuwa nahangaika na risiti za zamani kuonyesha kwamba nilianza kabla yake.

Halafu kosa langu la pili. Nilijaza ombi na lebo nzima, Tetere Pilipili Kali ya Tanga. Nikaandikiwa kwamba nikubali sidai haki ya peke yangu juu ya maneno "pilipili kali" na "Tanga". Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaelewa, hayo maneno kila muuza pilipili anayahitaji, ningepewa mimi wenzangu wa Ngamiani wangeandika nini kwenye chupa zao? Neno lenye nguvu pale lilikuwa Tetere tu kwa sababu ndege hana uhusiano wowote na pilipili. Nina rafiki anauza asali akaipa jina la kuisifia utamu, jina zuri sokoni ila kwenye alama limemgomea kwa sababu hiyohiyo. Mwishowe niliomba neno peke yake bila picha wala rangi, nikafikiria lebo nimeshaibadilisha mara tatu lakini neno sijawahi kuligusa.

Kitu ambacho sikukijua kabisa ni madaraja. Alama haisajiliwi kwa kila kitu duniani, unachagua daraja kati ya 45 ya bidhaa na huduma. Sosi ya pilipili iko daraja la 30 pamoja na viungo, chai na kahawa. Achari ya ndimu, ambayo naipika jiko moja na kuiuza meza moja na pilipili, iko daraja la 29! Kila daraja ombi lake na malipo yake. Pesa ilikuwa ya moja, nikachagua 30 maana pilipili ndo inanilisha.

Kontrol namba zinakuja kwa awamu, usidhani ukilipa ya kwanza umemaliza. Wakishalikubali ombi linatangazwa kwenye jarida lao na watu wana siku 60 za kupinga. Hizo siku 60 nililala vibaya nikisubiri yule kaka apinge. Hakupinga, nadhani hata hakujua kama kuna jarida. Cheti kikatoka, miaka 7 kuanzia tarehe niliyopeleka ombi, si tarehe ya cheti, ukihuisha unapata 10.

Wakili akaandika barua ya ukurasa mmoja, akaambatanisha nakala ya cheti na picha za chupa mbili zimesimama pamoja. Kaka akanipigia mwenyewe, safari hii akaniita dada, akaomba amalize lebo alizokwishaprinti. Nikamkatalia lebo ila nikamruhusu abandike karatasi juu ya jina, na alifanya hivyo, niliziona kwa macho Kariakoo, ukiikwangua kwa kucha Tetere inachungulia.

Pilipili yenyewe lakini bado anatengeneza, na ladha inakaribia yangu, hapo sina la kumfanya kwa sababu alama hailindi mapishi wala ile chupa tunayonunua wote duka moja. Na Zanzibar cheti changu hakifiki, kule wana usajili wao, kwa hiyo katoni ninazopeleka Unguja zinaenda bila ulinzi kwa sasa. Ombi la daraja la 29 nimelituma mwezi uliopita, baada ya kuona achari ya ndimu ya mtu mwingine ina ndege kwenye kifuniko, safari hii anaruka.