Faida hewa ya mchele: jinsi nilivyoitoa kwenye hesabu za grupu

Jamani hii ilinisumbua siku mbili. Tuna kampuni mbili dada, ya Mbeya inakoboa mpunga wa Mbarali, ya Iringa inauza, na kampuni mama inazimiliki zote asilimia mia. Mbeya waliwapa Iringa mchele uliowagharimu milioni 40, invoisi milioni 50. Nikafuta mauzo 50 na gharama 50, nikafuta na deni pande zote, nikajua nimemaliza, kumbe faida ya grupu bado imezidi!

Nikaenda kuangalia stoo. Iringa walibakiwa na asilimia 30 ya mzigo, kwao ni milioni 15, ila gharama halisi ni 12, so milioni 3 ni faida ya kujiuzia wenyewe. Nikarekebisha hivi: debiti mauzo 50, krediti gharama ya mauzo 47, krediti stoo 3. Hii ni kwenye shiti ya kuunganisha tu, vitabu vya kila kampuni usiviguse.

Bosi akauliza si tuuziane kwa 40 yaishe? Hapana, TRA wanataka bei ambayo ungemuuzia mtu baki, na wateja wetu wa nje wanachukua kwa bei hiyohiyo ya 50.