Mkate wangu ulikuwa unanata ndani, nimeshapata dawa yake

Jamani mimi mkate wa tini ulinitesa karibu mwezi mzima. Juu umeiva rangi safi kabisa, nikikata kisu kinatoka na utando wa unga, na pale chini kwenye kitako kuna mstari mzito kama ugali uliolala. Nikawa nalaumu hamira, kumbe hamira haina kosa.

Tatizo la kwanza oveni yangu ilikuwa kali mno, naweka 220 mwanzo mwisho, ganda linawahi kuiva ndani bado. Sasa hivi naoka 190 kwa dakika 35 hivi, mkate wa unga nusu kilo. Halafu nautoa kwenye tini, naushika na kitambaa, naugeuza na kugonga kitako kwa vidole. Ukilia kama ngoma tupu, umeiva, ukitoa sauti nzito ya kufa bado una maji, basi naurudisha bila tini moja kwa moja kwenye waya dakika 5 mpaka 10 kisha nagonga tena. Ila mkate wenye maziwa na mayai mengi ni laini, haulii vizuri, huo nachoma kipimajoto katikati nikipata 90 na kitu natoa.

La pili, nilikuwa nakata ungali moto. Mvuke bado uko ndani na wanga haujashikana, kwa hiyo hata ulioiva unanata. Nauacha kwenye waya saa moja na nusu, watoto wasubiri tu.