Picha ya nyanya akiogesha mtoto ilivyozuiwa wiki ya mazishi

Nyanya alipofariki, kazi niliyopewa na shangazi ilikuwa kukusanya picha za programu ya mazishi. Mimi naishi Kisumu, boma letu liko upande wa Kakamega, na ndugu wengine wametawanyika hadi Nairobi na Mombasa. Njia rahisi ilikuwa kuskani zile picha za karatasi, kuzipakia kwenye hifadhi yangu ya mtandaoni, kisha kutuma kiungo kimoja ili kila mtu aone na kuchagua.

Picha moja ilikuwa ya mwaka 1994. Nyanya ameinama uani, mikono imejaa povu, na ndani ya karai yumo mjukuu wake mchanga akilia kwa nguvu zote. Nyumba nzima tunaipenda. Muda mfupi baada ya kuipakia, iligeuka kisanduku cha kijivu chenye onyo kwamba huenda imekiuka kanuni za usalama wa watoto, na kile kiungo kikaacha kufunguka kwa ndugu wote.

Nilisoma ujumbe ule kwa hofu. Maneno "usalama wa watoto" si mepesi, na shangazi aliponiuliza kwenye simu, "Mwanangu, kwani tumefanya nini?", nilijua kwamba kabla ya kubonyeza chochote ni lazima nielewe kilichotokea.

Mitambo inayokagua picha hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza hulinganisha. Picha ambazo tayari zinajulikana kuwa za unyanyasaji wa watoto zimegeuzwa alama za tarakimu, na kila picha mpya hupimwa kama alama yake inafanana na mojawapo. PhotoDNA, iliyotengenezwa mwaka 2009, ni mfumo wa aina hiyo. Ya pili hukisia. Mtambo umefundishwa kwa picha nyingi, kisha huipa picha ambayo haujawahi kuiona alama ya uwezekano kwamba ni ya unyanyasaji, na alama ikipita kiwango kilichowekwa, picha inazuiwa. Kiwango kikishushwa, mtambo hunasa wahalifu wengi zaidi, lakini pia akina nyanya wengi zaidi wenye karai.

Tofauti hiyo ilinisaidia sana. Picha yetu ilikuwa imekaa kwenye albamu ya karatasi tangu ipigwe, haikuwahi kuingia mtandaoni, kwa hiyo hakukuwa na orodha ambayo ingeweza kufanana nayo. Kilichoizuia ni ukisiaji: mtoto, ngozi, maji, na nadhani pia rangi zilizofifia ambazo zimefanya hata ukuta wa udongo ufanane na ngozi. Ukisiaji ndio mtu anaweza kuukosoa kwa maelezo, maana mtambo uliona mwili wa mtoto lakini haukuona familia.

Kabla ya kuandika rufaa, nilipakua vitu vyangu vyote. Onyo lilihusu picha moja na kiungo, akaunti yenyewe bado ilifunguka, na hali hiyo ingeweza kubadilika wakati wowote. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilieleza habari za baba mmoja wa San Francisco aliyepiga picha ya mwanawe mgonjwa ili daktari aione. Google ilifunga akaunti yake, polisi wakachunguza na kumwona hana hatia, na bado akaunti haikurudishwa. Alipoteza barua pepe, picha za miaka na hata namba ya simu. Kwa hiyo nilishusha picha zote kwenye diski ya nje (wanaotumia Google wana takeout.google.com kwa kazi hiyo), nikaiacha nje ile iliyozuiwa kwa kuwa karatasi yenyewe ninayo. Kisha nikahamisha benki na huduma nyingine zilizotegemea anwani ile ya barua pepe kwenda anwani ya kampuni tofauti.

Binamu yangu mmoja, kwa nia njema, aliniambia, "Dada, nitumie mimi niipakie kwa akaunti yangu." Nilikataa. Picha iliyokwisha kuwekewa alama ikionekana tena kwenye akaunti nyingine, onyo linaweza kumfuata yeye pia. Kufungua akaunti mpya, kuikata picha pembeni au kuigeuza nyeusi na nyeupe ili ipenye sikufanya pia. Mhakiki anayeona mtu amejaribu kukwepa ukaguzi ana sababu ya kuacha kumwamini, na mbinu hizo hizo ndizo wanazotumia watu ambao ukaguzi umewekwa kuwazuia.

Rufaa niliandika moja tu, kupitia kitufe kilichokuwa ndani ya onyo lenyewe. Viungo vilivyotumwa kwa barua pepe sikuvigusa, kwa sababu matapeli nao hutuma maonyo ya aina hiyo. Niliandika hivi, kwa Kiingereza rahisi: hii ni skani ya picha ya karatasi iliyopigwa nyumbani kwetu mwaka 1994, mwanamke ni bibi yetu aliyefariki wiki hii, anamwogesha mjukuu wake, ambaye sasa ni mtu mzima na anajua picha hii ipo, ilikusudiwa programu ya mazishi na kiungo kilikuwa cha ndugu pekee, naomba mtu aiangalie, si mtambo. Sikuweka hasira wala historia ya maisha. Anayesoma ana picha mbele yake na muda mchache, na kinachokosekana kwake ni nani, wapi na kwa nini.

Niliongeza sentensi moja kuhusu kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Kinampa mtu haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mtambo peke yake uangaliwe upya, ikiwa uamuzi huo unamwathiri kwa kiasi kikubwa. Kwa picha moja mtu anaweza kubishana kama athari ni kubwa. Akaunti nzima ikifungwa, hoja ina nguvu zaidi, na kampuni ikikaa kimya unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ndiyo maana nilihifadhi picha ya skrini ya onyo, tarehe na namba ya rufaa.

Mazishi hayasubiri rufaa. Nilipeleka ile karatasi yenyewe kwa mchapishaji mjini Kisumu, akaiskani kwenye kompyuta yake na kuipanga ukurasa wa tatu bila kuipitisha mtandaoni. Kabla ya hapo nilimpigia yule aliyekuwa ndani ya karai, maana ni mwili wake na programu ingefika mikononi mwa kijiji kizima. Alikubali, ila akaomba ichaguliwe picha ambayo povu limemfunika. Zilikuwa mbili, na nadhani chaguo lake lilikuwa bora kuliko langu.

Jibu lilikuja baada ya maziko: picha imerudishwa, kiungo kimefunguliwa. Hakukuwa na maelezo. Hata hivyo, niliiondoa kwenye albamu ya pamoja, kwa sababu kiungo kinachozunguka kwa ndugu wengi huishia kwa watu ambao hatuwajui. Pia nimezima uhifadhi wa moja kwa moja kwa folda ya skani kwenye simu. Picha za watoto wakioga, na zile ambazo wazazi huombwa na kliniki za vipele au majeraha, sasa zinakaa kwenye diski. Kama daktari anahitaji kuona, mzazi aulize kwanza kama mtoto anaweza kuletwa, au kama hospitali ina njia yake ya kupokea picha.