Kodi kwanza, mfumuko baadaye: nilivyolinganisha amana ya muda maalumu na bondi ya miundombinu

Februari 2024 nilikuwa na shilingi milioni moja na ofa mbili. Benki ilitoa riba ya asilimia 13 kwa mwaka kwenye amana ya muda maalumu. Benki Kuu ya Kenya nayo ilikuwa imetoa bondi ya miundombinu IFB1/2024/8.5, kuponi, yaani riba yake ya mwaka, asilimia 18.4607, haikatwi kodi. Afisa wa benki aliniambia nisihangaike, kwani "tofauti ni pointi tano tu, na pesa yako hapa haifungwi miaka minane na nusu." Hoja ya kufungwa ilikuwa na uzito. Hiyo ya pointi tano ilinikera, kwa sababu alilinganisha riba inayokatwa kodi na isiyokatwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Riba ya amana hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 na benki yenyewe kabla haijaingia kwenye akaunti, na kwa mtu binafsi kodi hiyo huwa ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo kwenye riba ya 130,000 zinaondoka 19,500, unabaki na 110,500. Ili benki ifikie bondi ile, ingebidi itoe 18.4607 ÷ 0.85, yaani karibu asilimia 21.7. Pengo ni pointi karibu tisa.

Kosa langu lilikuja kwenye mfumuko wa bei, uliokuwa asilimia 6.9 Januari ile. Nilichukua 13, nikatoa 6.9, nikapata 6.1, kisha nikaikata asilimia 15. Jibu likawa 5.185, sawa na shilingi 51,850 za faida halisi. Hesabu ilionekana safi, ila niliposhika karatasi ya benki haikulingana. Mkata kodi hajui mfumuko. Anakata riba yote, pamoja na ile sehemu inayokufidia tu thamani iliyopotea.

Hesabu sahihi inakwenda hivi. Milioni moja inahitaji 69,000 mwisho wa mwaka ili tu inunue kile ilichonunua mwanzoni. Ukizitoa kwenye 110,500, faida halisi ni 41,500. Tofauti na jibu langu la kwanza ni 10,350, ambayo ni asilimia 15 ya 69,000 kamili: kodi niliyokuwa nimejisamehe kwa kukosea mpangilio. Tena angalia: bila kodi, faida halisi ingekuwa 61,000. Kodi inayoitwa ya asilimia 15 imekula 19,500 kati ya hizo, karibu theluthi. Bondi haina kodi, kwa hiyo mpangilio hauidhuru: 184,607 toa 69,000 ni 115,607.

Bondi ya kawaida ya Hazina haina msamaha huo. Ikiwa ya miaka kumi au zaidi inakatwa asilimia 10, chini ya hapo asilimia 15. Kuponi ya 16 kwenye bondi ya miaka kumi ni 14.4 mkononi. Soma tangazo la mnada kabla ya kugusa kikokotoo.

Desemba 2024 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3. Kwa mfumuko huo, amana ileile ingebakiza 80,500, na kodi ingekula chini ya moja ya tano ya faida halisi. Inasikika vizuri, lakini riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa nayo imetoka asilimia 13 hadi 11.25, na mwenye amana anaporudi kuihuisha hakuti tena ofa ya mwaka uliopita. Kuponi ya bondi haibadiliki.

Bondi ina mtego wake. Kuponi huja kila miezi sita, hapa 92,303.50, na ni rahisi kuitumia yote. Lakini mtaji unarudi ukiwa milioni ileile. Mfumuko ukiwa asilimia 5 kwa mwaka, milioni moja baada ya miaka 8.5 itanunua kama 660,000 za leo. Ndiyo maana kwenye kila kuponi natenga angalau 25,000 na kuzirudisha kwenye uwekezaji, na kiasi hicho nakiongeza kila mwaka. Kilichobaki ndicho ninachokihesabu kuwa mapato.

Anayenunua sokoni kutoka kwa mwenzake asisome kuponi pekee. Ukilipa 110 kwa kila 100, kuponi ya 18.4607 ni asilimia 16.8 ya pesa uliyotoa, na siku ya kuiva unapoteza zile 10. Ukilazimika kuuza wakati riba za soko zimepanda, bei inashuka chini ya uliyonunulia. Pesa ya karo ya muhula ujao, basi, niliiacha kwenye amana.